Barazani na Faraghani: Namna ya Kuuliza Kuhusu Ndoa za Utotoni

Wanaume wanane wa kijiji kimoja cha Shinyanga wakiketi chini ya mwembe na kuulizwa wana maoni gani kuhusu kuwaoza wasichana wa miaka 15, jibu la kwanza ni rahisi kulibashiri: ni kosa, serikali imekataza, mtoto wa kike asome. Mtafiti mgeni anaweza kurudi mjini ameridhika kwamba mtazamo umebadilika. Wakati huohuo, takwimu za afya na idadi ya watu za mwaka 2015 na 2016 zilionyesha kuwa karibu wanawake 31 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 nchini Tanzania waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18.

Si lazima wanaume hao wawe waongo. Wameulizwa hadharani jambo ambalo sheria yake yenyewe imewachanganya wengi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akitakiwa awe na 18. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Isitoshe, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi. Kwa baba aliyekwisha kupokea ng'ombe wa mahari, swali la mtafiti si la maoni tu. Linaweza kumfikisha polisi.

Ndiyo maana uchaguzi kati ya majadiliano ya kikundi na mahojiano ya mtu mmoja mmoja unapaswa kufanywa kabla hata ya kuandika maswali. Kinachoamua ni jambo linalotafutwa. Mtu ana imani yake binafsi kuhusu ndoa ya mapema. Papo hapo ana dhana yake kuhusu majirani: wanafanya nini, na watamsema vipi akienda kinyume nao. Mambo hayo mawili yanaweza kupishana kabisa ndani ya kichwa kimoja, na kila njia huchota moja vizuri zaidi kuliko jingine.

Mfano wa wazi ulitoka Saudi Arabia. Watafiti wa uchumi, Leonardo Bursztyn na wenzake, waliwauliza wanaume vijana wa Riyadh, kwa siri, kama wanaafiki wanawake kufanya kazi nje ya nyumba. Wengi mno waliafiki. Walipotakiwa kukisia wenzao waliokuwa ukumbini wamejibu nini, wengi walidhani waafiki ni wachache kuliko walivyokuwa kweli. Kila mmoja alikuwa akiogopa maoni ambayo majirani zake hawakuwa nayo. Iwapo hali kama hiyo ipo katika kijiji cha Shinyanga, mtafiti anayetumia vikundi peke yake ataiona hofu na kuidhania kuwa ni imani.

Tuseme basi utafiti unafanyika katika kata moja yenye vijiji vinne. Vikundi vya watu sita hadi wanane vinapangwa kwa kuwatenganisha watu ambao hawawezi kusemezana wakiwa sawa: akina baba peke yao, akina mama peke yao, vijana wa kiume, wasichana ambao hawajaolewa. Mama mkwe haketi na mkamwana. Mwenyekiti wa kitongoji anaombwa ruhusa na kushukuriwa, kisha haketi kikundini. Kuna anayeongoza mazungumzo na kuna anayeandika, kwa sababu kinasa sauti hakionyeshi nani aliinama jina la mahari lilipotajwa.

Swali la moja kwa moja huwa dhaifu hapa. Kisa kifupi hufanya kazi zaidi: binti wa miaka 15 amefeli mtihani wa darasa la saba, mchumba amejitokeza na ng'ombe, na baba yake anasita. Watu wa hapa watamwambia nini huyo baba? Nani atakuwa wa kwanza kumsema akikataa? Shangazi atasimama upande gani? Hakuna anayelazimika kujieleza mwenyewe, na hapo ndipo kikundi huonyesha thamani yake. Mmoja atasema binti asiyesoma akikaa nyumbani atapata mimba, mwingine atabisha, wa tatu atacheka. Katika ubishi huo kanuni za kijiji hujitokeza, na maneno ambayo watu wenyewe huyatumia kuzitetea hujitokeza pia.

Kikundi kikiharibika, nacho hujulikana. Kila mtu anamjibu mwongoza mazungumzo na hakuna anayemjibu mwenzake. Majibu yanazunguka kwa mpangilio wa viti, yakifuata maneno ya aliyetangulia. Ukisoma maandishi ya kinasa sauti unakuta mzee mmoja amesema nusu ya yote. Kikundi cha namna hiyo kimetoa mtu mmoja mwenye mashahidi saba.

Wapo wanaochagua vikundi kwa sababu ya gharama, wakihesabu kwamba dakika 90 na watu wanane ni mahojiano manane kwa bei ya moja. Hesabu hiyo inadanganya. Zikigawanywa sawasawa, kila mmoja anapata dakika 11 hivi, na hazigawanyiki sawasawa kamwe.

Ushahidi kuhusu usiri si wa upande mmoja, na hili linastahili kusisitizwa. Daniel Wight, aliyewachunguza wavulana wa mtaa wa wafanyakazi huko Glasgow, aliona kwamba waliokuwa wakijigamba kuhusu mapenzi mbele ya wenzao walizungumza kwa upole na wasiwasi walipokuwa peke yao na mtafiti. Lakini Greg Guest na wenzake, katika utafiti wa Durham, Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, waliwagawa wanaume weusi kwa bahati nasibu katika vikundi 40 na mahojiano 40 kuhusu afya. Mahojiano yalileta mambo mengi tofauti zaidi. Hata hivyo baadhi ya mambo nyeti yalitajwa vikundini tu.

Kwa ndoa za utotoni, hata hivyo, ujasiri huo wa kikundini una bei. Mtafiti anaweza kuahidi kufunga mdomo wake. Hawezi kuahidi midomo ya wengine saba. Msichana aliyeolewa na miaka 14 hapaswi kuulizwa habari zake mbele ya majirani wa mume wake. Yeye, na mama aliyemsindikiza binti yake bila kuridhika, ni watu wa mahojiano ya peke yao, na mhojaji wa kike anayejua Kisukuma, mahali ambapo wifi hawezi kupita kwa kisingizio cha kuchota maji. Ridhaa ya mzazi haitoshi kwa aliye chini ya miaka 18. Binti mwenyewe lazima akubali, na aelezwe mapema kwamba akitaja kupigwa au kulazimishwa, yupo afisa ustawi wa jamii aliyekwisha kuarifiwa kuwa utafiti unaendelea.

Katika kata hiyo, mpangilio wenye busara ni kuanza na vikundi vichache, viwili au vitatu kwa kila aina ya watu, ili kujifunza kanuni na lugha yake, kisha kufanya mahojiano kumi hadi kumi na matano na watu wengine ambao hawakuwamo vikundini. Kisa kilekile cha binti wa miaka 15 kinarudiwa, sasa kwa swali jipya: ungekuwa wewe ndiye baba huyo, ungefanya nini, na ungemwogopa nani? Kama akina baba barazani walisema baba asiyeoza atachekwa, na faraghani wengi wakasema wao hawangemcheka, tofauti hiyo inaandikwa katika ripoti kama tokeo lenyewe. Mradi utakaofuata hautakuwa na haja ya kuwahubiria akina baba hao madhara ya ndoa za mapema. Utahitaji kuwajulisha majirani zao wanafikiri nini.