Bei ya mabati haikai kwenye barua ya mkutano

Tuchukue kamati ya kujenga maabara ya shule ya upili, mahali kama Malinya, Ikolomani, katika kaunti ya Kakamega. Wanakamati ni saba: wanne wako nyumbani, wawili Nairobi, na mmoja anafanya kazi Doha. Katibu anawaandikia barua pepe yenye mada "Mkutano wa Jumamosi 14 Machi", akiuliza kama saa tatu asubuhi inawafaa. Mmoja anakumbusha kwamba asubuhi hiyo kuna mapigano ya fahali pale uwanjani na hakuna atakayepita barabarani kwa haraka, basi mkutano usogezwe hadi saa nane mchana. Mpaka hapo mambo ni safi.

Mweka hazina naye anajibu. Anakubali saa nane, na kwa kuwa barua imeshafunguka mbele yake, anaongeza chini bei aliyopewa Khayega ya mabati ya geji 30. Siku mbili baadaye mhandisi aliye Nairobi anajibu kwamba kwa paa la maabara ni afadhali geji 28, ambayo ni nene zaidi na ghali zaidi. Mwingine anaomba kumbukumbu za kikao kilichopita. Kisha, usiku, ndugu wa Doha anabonyeza kitufe cha kujibu na kuandika neno moja: "Nakubali."

Amekubali nini? Saa nane, geji 30, geji 28, au amekubali kwamba kumbukumbu zitumwe? Mweka hazina aliyetaka geji 30 atalisoma neno hilo kwa faida yake, na mhandisi vilevile kwa faida yake. Mada juu ya ukurasa bado inasema "Mkutano wa Jumamosi 14 Machi". Mwezi wa saba, mkaguzi wa hesabu atakapouliza ni nani aliyeidhinisha mabati, hakuna atakayekumbuka kulitafuta neno "mabati" ndani ya mazungumzo ya mkutano.

Watu wengi wakifika hapa husema dawa ni kubadilisha mada. Ni nusu ya dawa. Ili kuona kwa nini, inabidi kuchungulia kile ambacho programu ya barua pepe hukisoma na sisi hatukioni.

Kila barua pepe huondoka na namba yake ya utambulisho, isiyofanana na ya barua nyingine yoyote. Ukibonyeza kujibu, programu yako huinakili namba ya barua unayoijibu na kuiweka katika mistari miwili iliyofichwa juu ya barua yako. Utaratibu huu ulikuwa tayari umeandikwa katika kanuni za barua pepe za 1982, na toleo la 2008 linaendelea nao. Jibu la mweka hazina, likifunuliwa, lingeonekana hivi:

```
Subject: Re: Mkutano wa Jumamosi 14 Machi
Message-ID: <b2@example.org>
In-Reply-To: <a1@example.org>
References: <a1@example.org>
```

Namba a1 ni ya barua ya katibu. Mstari wa References hurefuka kila jibu linapojibiwa, ukibeba namba za barua zilizotangulia, kama mtu anayetaja baba, babu na babu wa babu yake. Kwa mistari hiyo programu hujua barua ipi imezaliwa na ipi, hata kama zimefika kwa mpangilio uliovurugika. Mfuatano huo ndio tunaouita uzi.

Sasa tuseme mhandisi, badala ya kuacha mada ilivyo, anabonyeza kujibu, anaifuta, na kuandika "Mabati ya paa". Maneno ya juu yamebadilika, lakini mistari iliyofichwa bado inasema barua hii ni mtoto wa barua ya mkutano. Kitakachotokea kinategemea programu ya anayepokea. Gmail hutazama vyote viwili, ukoo na mada. Mada ikibadilika, hufungua mazungumzo mapya. (Hufanya hivyo pia mazungumzo yakipita barua 100, ndiyo maana nyuzi ndefu sana hukatika zenyewe bila mtu kugusa chochote.) Thunderbird, kwa kawaida yake, hufuata ukoo. Barua ya mabati itakaa pale pale chini ya barua ya mkutano, na kama mpokeaji ameukunja uzi huo kwa sababu tarehe ya mkutano imepita, anaweza asiione. Watu wawili katika kamati moja wanaweza kubishana kama barua ilitumwa, na wote wakawa wakweli.

Kwa hiyo njia ziko tatu, si mbili. Kujibu bila kugusa mada, kujibu huku ukibadilisha mada, na kuandika barua mpya kabisa isiyo na mzazi. Kuchagua kati yake si jambo la ladha.

Mimi hujiuliza kwanza: jambo hili litaamuliwa peke yake? Kama jibu la "ndiyo" au "hapana" linaweza kutolewa kwa jambo hili bila kuligusa lile la mwanzo, linastahili uzi wake. Saa ya mkutano na unene wa mabati ni maamuzi mawili. Yakikaa pamoja, kila "nakubali" ina utata. Kusahihisha tarehe, kusema asante, kuongeza jina la atakayekosekana, hayo yote ni ya uzi ule ule, na anayeyafungulia barua mpya anawasumbua wenzake bure.

Pili, natazama nani anapaswa kusoma. Mhandisi akitaka kumwingiza mwenye duka la vifaa ili athibitishe bei, hapo sibadilishi mada tu. Naanza barua mpya. Jibu huburuta chini yake maandishi yote yaliyotangulia, na katika uzi wa kamati mna mambo ya ndani: tumebakiwa na shilingi ngapi, na nani hajalipa mchango wake. Mwenye duka akishajua kiasi kilichobaki, bei ya mwisho itakifuata kiasi hicho.

Kujibu kwa mada mpya kunabaki na mahali pake, napo ni padogo: jambo jipya limezaliwa moja kwa moja na la zamani, wasomaji ni wale wale, na bila kuona yaliyotangulia barua haieleweki. Kwa mabati yetu, mhandisi alipoandika kwa mara ya kwanza angeweza kufanya hivi. Katika Gmail kwenye kompyuta, mada haionekani unapojibu; bonyeza mshale mdogo kando ya jina la mpokeaji, kisha uchague `Edit subject`. Angeandika:

```
Mabati ya maabara: geji 28 au 30? Jibu kabla ya Alhamisi 19 Machi (awali: Mkutano wa Jumamosi 14 Machi)
```

Mada hii imepangwa kwa makusudi. Simu huonyesha mwanzo wa mada tu, kwa hiyo jina la kitu limetangulia, tena kwa neno ambalo mtu atalitumia akitafuta miezi sita baadaye. Atatafuta "mabati", hatatafuta "suala la paa" wala "ushauri wangu". Linafuata swali lenyewe, kisha siku ya mwisho. Nimetaja tarehe, kwa maana "wiki ijayo" huharibika wiki ikipita. Maneno "muhimu" na "haraka" sikuyaweka. Kila mtu huyaweka, na hakuna anayeyatii.

Mabano ya mwisho yanamwambia msomaji jambo limetoka wapi. Ni desturi ya zamani ya barua pepe, na wanaoandika Kiingereza huweka `was:` pale nilipoweka "awali". Thunderbird hulitambua neno hilo la Kiingereza na kuyaondoa mabano yenyewe mtu anapojibu. Neno letu hailitambui. Basi anayejibu wa kwanza ayafute kwa mkono, ingawa katika Gmail kuyafuta ni kubadilisha mada tena, na uzi utakatika mara ya pili. Kwa sababu hiyo, katika kundi ambalo wengi wanatumia Gmail, mimi huyaacha mabano nje ya mada, na katika mstari wa kwanza wa barua huandika: "Hili limetoka katika barua ya mkutano wa 14 Machi."

Ukiamua kuandika barua mpya kabisa, shida inayowarudisha watu kwenye kitufe cha kujibu ni anwani. Kuandika anwani za wote upya kunachosha, basi mtu anatafuta barua yoyote iliyokwenda kwa wote, anaijibu, anafuta kila kitu na kuandika lake. Huko ndiko barua ya karo inakozaliwa na barua ya mazishi ya mwaka jana. Dawa yake ni kuwaweka wanakamati chini ya lebo moja katika orodha ya anwani za Google. Ukiandika jina la lebo pale penye wapokeaji, wote wanaingia. Na kama una shaka barua uliyopokea ni mpya kweli, ifungue katika Gmail kwenye kompyuta, bonyeza vidoti vitatu, uchague `Show original`. Ukikuta mstari wa `In-Reply-To`, barua hiyo ina mzazi, hata mada yake iseme nini.

Barua mpya ijitosheleze. Ya mhandisi ingetaja ukubwa wa paa, bei mbili za Khayega, tofauti yake kwa jumla, na anachopendekeza, ili ndugu wa Doha aisome kwenye simu bila kurudi nyuma hata mara moja. Kisha mhandisi arudi kwenye uzi wa zamani na kuacha sentensi moja: "Mabati tunayazungumza katika barua yenye mada 'Mabati ya maabara: geji 28 au 30?' Hapa tubaki na mkutano."

Hata hivyo, atakuwapo mmoja atakayejibu mabati kwenye barua ya mkutano. Kwa kawaida ni aliyeko mbali, kwa sababu anasoma barua kwa zamu ya usiku na kujibu ya kwanza anayoiona. Usimjibu huko. Nakili maneno yake, yaweke kwenye uzi wa mabati ukitaja jina lake na siku aliyoandika, na umjibu hapo. Na kama aliandika "Nakubali" tupu, muulize waziwazi, "Umekubali geji 28?", kabla mweka hazina hajatuma pesa.

Uamuzi ukipatikana, katibu atatamani kuongeza neno "IMEAMULIWA" mbele ya mada ili kila mtu alione. Aliandike ndani ya barua, katika mstari wa kwanza. Akiliweka kwenye mada, Gmail itaufungulia uamuzi huo mazungumzo ya tatu, mbali na bei na hoja zilizouzaa, na mkaguzi wa mwezi wa saba atakuta barua moja isemayo geji 28 bila kujua kwa nini.