Alama 60 Ambazo Hazikuwamo Kwenye Kabrasha

Mwaka 2004 manispaa ya Alexandroupolis, huko Ugiriki, ilitangaza zabuni ya upimaji wa ardhi na mpango wa sehemu ya mji. Kampuni 13 za ushauri zikajitokeza. Kabrasha la zabuni lilitaja vigezo vitatu kwa kufuata umuhimu wake: uzoefu wa kazi za miaka mitatu iliyopita, watu na vifaa, kisha uwezo wa kumaliza kwa wakati. Kila kigezo kilikuwa na uzito gani? Halikusema.

Uzito ulipangwa baadaye, kamati ya tathmini ilipokaa na maombi mezani: uzoefu 60, vingine 20 kila kimoja. Kamati ikaongeza kwamba uzoefu utapimwa kwa thamani ya kazi: chini ya euro 500,000 ni sifuri, zaidi ya milioni 12 ni alama zote 60. Walioshindwa wakaenda mahakamani, na Januari 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kuwa si halali kupanga uzito na vigezo vidogo ambavyo wazabuni hawakujulishwa mapema.

Kosa hilo huanzia kwenye sentensi ndogo tu. Chukua mfano wa kabrasha lenye maneno "uzoefu wa kutosha: alama 20". Mzabuni mmoja ataambatisha kazi kumi ndogo, mwingine moja kubwa, na wote watajiona wamepata 20. Sasa liandikwe hivi: "Alama 5 kwa kila mkataba wa ujenzi wa barabara wenye thamani isiyopungua shilingi milioni 200, uliokamilika ndani ya miaka mitano kabla ya siku ya mwisho ya kupokea zabuni, ukithibitishwa kwa cheti cha kukamilisha kazi, mikataba isiyozidi minne." Mwenye mitatu anajua ana 15. Aliyeleta barua ya kupewa kazi badala ya cheti anajua hana kitu.

Bei nayo huleta ugomvi. "Bei: alama 30" haielezi anayefuata atapunguziwa kiasi gani. Kanuni iandikwe wazi, tena na mfano wake:

```
alama = 30 × bei ya chini ÷ bei ya mzabuni
```

Bei ya chini ikiwa milioni 80, mwenye milioni 100 anapata 24. Ielezwe pia kama bei inahesabiwa pamoja na kodi, na kama anayekosa kiwango cha chini cha alama za kiufundi anatolewa kabla bei yake haijafunguliwa.

Njia rahisi ya kujaribu kabrasha kabla ya kulitangaza ni kuwapa watu wawili wasioliandika ombi moja la kubuni, kila mmoja alipe alama peke yake. Wakitofautiana, sentensi iliyowatenganisha ndiyo ya kuandikwa upya.

Nchini Kenya, kifungu cha 80(2) cha sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 kinaitaka kamati itumie vigezo vilivyomo kwenye nyaraka za zabuni. Kwa hiyo mzabuni asiyeelewa alama aulize kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho ya maswali, na jibu lipelekwe kwa wazabuni wote.