Pampu ya jua Mwea: piga hesabu kwa jua la Julai

Mpunga wa Mwea hunyweshwa na mito Thiba na Nyamindi kupitia mifereji. Lakini nje ya mifereji hiyo, katika nyanda kavu za Kirinyaga, mkulima wa nyanya au mishiri hutegemea kisima chake. Wengi sasa wanataka kukiendesha kwa jua, na swali la kwanza huwa ni paneli ngapi. Jibu hutoka kwa mwezi mgumu kuliko yote: Julai, wakati mvua ndefu zimekwisha, shamba linadai maji, na mawingu ya gathano yametanda kutoka Mlima Kenya.

Tuchukue mfano wa ekari moja ya nyanya inayonyweshwa kwa matone. Siku kavu huhitaji takriban lita 20,000, yaani mita za ujazo 20. Kisima kina kina cha mita 80, lakini hesabu haianzii hapo. Kinachohesabiwa ni mahali maji yanaposimama pampu ikiwa kazini, na ripoti ya mchimbaji huonyesha kiwango hicho baada ya kisima kupimwa kwa kuvutwa maji mfululizo. Tuseme ni mita 52. Ongeza mita 4 hadi mdomo wa tangi, na nyingine 4 kwa msuguano ndani ya bomba. Jumla ni mita 60.

Kupandisha mita moja ya ujazo kwa kimo cha mita moja hugharimu wati-saa 2.7 hivi. Zidisha 20 kwa 60 kwa 2.7, utapata karibu kilowati-saa 3.2. Kwa kuwa pampu na mota yake hugeuza takriban asilimia 40 tu ya umeme kuwa maji yaliyopanda, umeme unaohitajika ni kilowati-saa 8 kwa siku. Kwa mwaka mzima Mwea hupata wastani wa zaidi ya saa 5 za jua kamili kwa siku, ila kwa msimu wa baridi ni salama kuhesabu 4. Gawanya 8 kwa 4, upate kilowati 2. Vumbi na joto hula robo ya nguvu ya paneli, kwa hiyo unahitaji kilowati 2.7, sawa na paneli 6 za wati 450. Zifungwe zikiwa zimeinama kidogo kuelekea kaskazini, ili mvua izioshe.

Usiku je? Hapo wengi hushawishiwa kununua betri. Ili kuhifadhi kilowati-saa 8, ungehitaji betri kama 7 za asidi za volti 12 na ampea-saa 200, kwa sababu kila moja ina kilowati-saa 2.4 na haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Baada ya miaka michache utazinunua tena. Matangi mawili ya lita 10,000 hufanya kazi hiyohiyo: maji yakishafika juu, kazi ya umeme imekwisha, na jioni yanateremka yenyewe hadi kwenye mistari ya matone. Kila tangi likijaa lina tani 10, kwa hiyo lijengewe jukwaa imara la mawe kwenye sehemu ya juu ya shamba. Mnara wa juu sana unaongeza gharama na kimo cha kusukuma. Weka boya la kuzima pampu matangi yakijaa.

Kisima nacho kina mpaka wake. Jua likiwa kali saa sita mchana, mtambo huu huvuta karibu mita za ujazo 5 kwa saa, hivyo kipimo cha kisima kizidi hapo kwa nafasi ya kutosha, tuseme 7 au 8. Kisima kinachotoa 3 tu kitashuka hadi pampu inyonye hewa na kuungua, ndiyo maana kihisi cha maji kuisha ni lazima. Mwenye kisima kama hicho achague pampu ndogo na apunguze eneo la kunyweshea.

Jambo jingine huwatisha wakulima asubuhi za mawingu: pampu inazunguka lakini maji hayatoki. Pampu ya mapangaboi ikizunguka polepole haiwezi kuyafikisha juu. Pampu ya skrubu huinua kidogo kidogo hata jua likiwa hafifu, ndiyo maana hufaa zaidi visima virefu vyenye maji machache.

Baada ya kufunga, pima kwa pipa la lita 200 mchana wa jua wazi: lijae kwa dakika mbili na nusu hivi. Likianza kuchukua dakika 4, safisha paneli kwanza na uangalie kivuli. Kasi isiporudi, pima maji kisimani pampu ikiwa kazini. Yakiwa yameshuka chini kuliko ripoti ilivyosema, tatizo ni kisima. Yakiwa palepale, ivutwe pampu, ichunguzwe yenyewe na bomba lake.