Mchoro wa Mkulima na Ramani ya Kompyuta

Katika miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, upande wa Kinole, familia nyingi hulima migomba, karafuu na pilipili manga chini ya miti mikubwa. Picha ya setilaiti haiioni migomba hiyo. Huona vilele vya miti tu, na mchoraji aliyeko mjini Morogoro huandika "msitu". Jambo hili si dogo, kwani juu ya mashamba hayo ipo Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008. Shamba lililoandikwa msitu ni vigumu kulitetea siku mpaka utakapojadiliwa. Hapo ndipo mchoro wa mkulima unapohitajika.

Kazi huanzia kijijini. Wazee, wanawake na vijana, kila kundi peke yake, huchora ardhi yao mchangani kwa vijiti na mawe, kisha mchoro hunakiliwa kwenye karatasi. Mchoro huo hauna skeli: njia ya kupanda mlima huchorwa ndefu kupita kiasi, na shamba la mbali huwa dogo. Kwa hiyo haufai kunyooshwa kwenye kompyuta mpaka ulingane na picha. Tunachochukua humo ni majina, matumizi na ujirani: shamba hili li baina ya kijito na njia, na jirani yake ni fulani.

Hatua ya pili ni kuuzunguka mpaka kwa miguu pamoja na kifaa cha GPS, mwenye shamba na majirani zake wakishuhudia kila kona. Chini ya miti minene husubiriwa namba zitulie. Kona hizo zikiunganishwa katika kompyuta, shamba huwa umbo lililofungwa, na katika jedwali lake huandikwa "migomba chini ya miti", kama wenyeji walivyosema.

Hapa lipo kosa moja la kuogopwa. Ramani za zamani za Tanzania zilichorwa kwa kipimo cha Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84. Namba za GPS zikiingizwa kana kwamba ni za Arc 1960, kila kona husogea takribani meta 300, hasa upande wa kusini. Shamba lililo kaskazini mwa mpaka wa hifadhi huweza kuonekana limo ndani yake. Dalili yake ni kwamba vitu vyote, hata daraja na msikiti, vimehama kwa pamoja, umbali uleule. Vikihama ovyo, kila kimoja upande wake, kosa limo katika upimaji au katika majina.

Mwisho huteuliwa sehemu kadhaa za kila aina ya matumizi, zikatembelewa na kulinganishwa na ramani. Penye tofauti hurekebishwa ramani. Kisha hubandikwa kijijini, wenyeji waisome na kuikosoa kabla haijapitishwa.