Dua ya Mstarini: Shairi la Darasa la Kwanza na la Saba kwa Pamoja

Kengele ya asubuhi ikishapigwa, shule nzima husimama mstarini. Mbele wako watoto wa awali na wa darasa la kwanza, wengine wakiwa bado wanajifunza kufunga vifungo vya shati. Nyuma kabisa wako wa darasa la saba, wanaokaribia kuwapita walimu wao kwa urefu. Kati ya wimbo wa taifa na matangazo ya mwalimu wa zamu, shule nyingi huweka dua fupi. Mwalimu anayetaka dua hiyo iwe shairi anakabiliwa na kazi ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu maneno yaleyale lazima yatamkwe kwa moyo na mtoto wa miaka 6 na kijana wa miaka 13.

Wengi huanza na umbo wanalolikumbuka kutoka darasani, yaani tarbia: ubeti wa mishororo minne, kila mshororo una mizani 16, nane upande wa kushoto na nane upande wa kulia. Ni umbo zuri, na K. Amri Abedi alilieleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi. Lakini hapa mstarini lina uzito. Tuseme mwalimu ameandika hivi: «Ewe Jalali Karima, mwenye enzi ya milele.» Mizani imetimia na maana ni njema, ila mtoto wa darasa la kwanza hajui Jalali ni nani, na pumzi inamwishia kabla mshororo haujaisha.

Kosa hilo halihitaji mtaalamu kuligundua. Mwalimu akitembea taratibu katikati ya mistari shairi likisomwa, atasikia wadogo wananyamaza mwanzoni mwa kila mshororo, kisha wanapaza sauti kwenye silabi moja au mbili za mwisho. Wamekariri vina tu. Midomo inacheza, lakini dua inasomwa na darasa la sita na la saba peke yao.

Dawa iko karibu, katika umbo la utenzi. Mshororo wa utenzi kwa kawaida una mizani nane, unaotoka kwa pumzi moja. Mishororo mitatu ya kwanza ya ubeti ina kina kimoja, na wa nne una kina chake kinachorudi katika kila ubeti hadi mwisho. Waswahili wametumia umbo hili kusema na watoto wao tangu zamani. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wasia mwaka 1858, na ndani yake mna dua pia. Umbo lililoweza kubeba maneno ya mama kwa mwanawe linaweza kubeba dua ya shule.

Kwa ajili ya mstarini, utenzi unahitaji badiliko moja dogo: mshororo wa nne uwe uleule katika kila ubeti, yaani uwe kibwagizo. Hapo kazi inagawanyika yenyewe. Kiongozi mmoja, au darasa moja la wakubwa, linaghani mishororo mitatu. Shule nzima inaitikia wa nne. Mtoto wa awali anatakiwa kujua mshororo mmoja tu, naye anaujua siku ileile.

Kwa kuwa kibwagizo ndicho kitakachosemwa na kila mtoto, kitungwe kwanza. Tuchukue hiki: «Mungu wetu, tuongoze.» Ukikihesabu, mu-ngu-we-tu-tu-o-ngo-ze, ni mizani nane kamili. Jina Mungu limechaguliwa kwa makusudi. Ndilo linalotajwa katika wimbo wa taifa wa Tanzania na wa Kenya, nyimbo ambazo zote mbili ni dua, kwa hiyo Mwislamu na Mkristo waliosimama bega kwa bega hulitamka bila kusita. Majina yanayoihusu dini moja peke yake yana mahali pake katika vipindi vya dini.

Sasa ubeti wa kwanza. Mtoto ametoka nyumbani, pengine amevuka mto au barabara kubwa, na sasa kengele imemwita. Dua ianzie hapo alipo:

Usiku umeshapita,
kengele imetuita,
nasi Wewe twakuita:
Mungu wetu, tuongoze.

Hakuna neno ambalo darasa la kwanza halilijui. Hata hivyo, wa darasa la saba wana jambo la kulitafakari: kengele inawaita watoto, nao watoto wanamwita Mungu. Hivyo ndivyo shairi moja linavyotosha rika zote, kwa maneno mepesi yanayobeba wazo linaloweza kukua. Kupanga ubeti mmoja wa wadogo na mwingine wa wakubwa hakusaidii sana, kwa maana kila upande hubaki ukisubiri zamu yake bila kusikiliza.

Ubeti wa pili ni wa shukrani, na hapa ndipo watunzi wengi huumiza watoto bila kukusudia. Rasimu ya kwanza ingeweza kuwa hivi:

Twashukuru kwa wazazi,
walimu na yao kazi,
maji, uji, usingizi:
Mungu wetu, tuongoze.

Mizani imekaa sawa na vina vinalingana. Lakini kwenye mstari ule yupo mtoto anayelelewa na bibi baada ya kufiwa na baba na mama. Yupo mwingine aliyetoka nyumbani tumbo tupu, na anaambiwa ashukuru kwa uji ambao hakuunywa. Shairi la mtu binafsi linaweza kusema chochote ambacho ni kweli kwake. La mstarini linatumia «sisi», hivyo kila kitu linachokitaja lazima kiwe kweli kwa yule aliyepungukiwa kuliko wote. Wazazi wanageuka walezi, na uji unageuka jua:

Twashukuru kwa walezi,
walimu na yao kazi,
maji, jua, usingizi:
Mungu wetu, tuongoze.

Hakuna mizani iliyopotea, kwa kuwa maneno yaliyoingia yana silabi sawa na yaliyotoka. Maneno «yao kazi» yamepinduliwa kutoka «kazi yao» ili kina cha zi kipatikane. Ushairi unaruhusu hilo, ila katika dua ya watoto mara moja inatosha; yakizidi, wadogo hupoteza maana njiani.

Ubeti wa tatu ni wa maombi. Maombi ya jumla kama hekima, baraka na mafanikio humpita mtoto kwa sababu hajui ayafanyie nini saa mbili asubuhi. Afadhali kuomba jambo ambalo litajaribiwa kabla ya mapumziko:

Tusome kwa utulivu,
tusitoe neno kavu,
mioyo iwe sikivu:
Mungu wetu, tuongoze.

Neno kavu analijua kila aliyewahi kuchekwa kwa viatu vyake. Ni ombi ambalo mwalimu anaweza kulirejea mchana, watoto wakigombania mpira, bila kuanza hotuba mpya.

Na wa mwisho:

Siku hii iwe njema,
asiachwe mtu nyuma,
jioni tuwe wazima:
Mungu wetu, tuongoze.

Beti nne za mizani 32 zinafanya mizani 128. Tarbia ya beti nne ingekuwa na 256, yaani mara mbili. Ikighaniwa taratibu, dua hii huchukua kama dakika moja, muda ambao watoto wanaweza kuuvumilia hata jua likiwa limeshaanza kuchoma au manyunyu yakianguka.

Kuhesabu mizani kuna mtego mmoja unaowanasa hata walimu wazoefu, nao ni m na n. Katika «mtu», m inasimama peke yake, kwa hiyo neno lina mizani mbili. Katika «mwenzetu» au «mvua», m imeungana na sauti inayofuata na haihesabiwi peke yake. «Nchi» ni mbili, «njema» pia ni mbili. Njia ya uhakika ni kupiga kofi kwa kila silabi huku ukitamka. Neno «shukrani» nalo huleta ubishi, ndiyo maana watunzi wanaohitaji mizani nne huandika «shukurani». Kwenye daftari kosa la mizani moja ni dogo, ila watoto 400 wakisoma pamoja, nusu yao watamaliza mshororo kabla ya wenzao na sauti zitagongana.

Vina navyo vina kazi nyingine hapa zaidi ya kupendeza. Watoto wa awali hawahesabu mishororo. Sikio lao linasikia ta, ta, ta, na baada ya ya tatu linajua zamu yao imefika. Kina cha mshororo wa pili kikivunjika, kibwagizo kitaanza kwa kusitasita, wengine mapema na wengine wakiwa wamechelewa. Mwalimu akisikia mwitikio umechanika namna hiyo siku mbili mfululizo, aangalie vina vya ubeti unaotangulia kabla ya kuwalaumu watoto.

Kufundisha kuanzie mwishoni. Siku ya kwanza shule nzima ijifunze kibwagizo peke yake, mwalimu akighani beti zote. Siku zinazofuata darasa la tatu lipewe ubeti wa kwanza, la tano wa pili, la sita wa tatu na la saba wa nne. Wakishazoea, wabadilishane. Sauti ya kiongozi isiwe ya juu mno, maana wadogo hupiga kelele wakijaribu kuifikia. Wapo pia watoto ambao imani ya nyumbani kwao hairuhusu dua ya pamoja. Katiba ya Tanzania katika ibara ya 19 na ya Kenya katika ibara ya 32 zinalinda uhuru wa dini, kwa hiyo mtoto kama huyo asimame kimya pamoja na wenzake bila kusutwa, na walimu walijue hilo kabla ya siku ya kwanza.

Faida kubwa ya kibwagizo kisichobadilika ni kwamba beti zinaweza kuingia na kutoka. Wakati wa masika neno «jua» hubadilishwa kuwa «mvua» na mizani hubaki nane. Wiki ya mitihani ubeti wa tatu unaweza kutungwa upya na darasa la saba wenyewe, kama zoezi la kipindi cha Kiswahili. Na mwanafunzi akilazwa hospitalini, ubeti mmoja huongezwa kabla ya ule wa mwisho:

Mwenzetu yu kitandani,
mponye, mpe amani,
arudi kwetu shuleni:
Mungu wetu, tuongoze.

Jina la mgonjwa halitajwi ndani ya ubeti. Familia ikiridhia litajwe, kiongozi hulisema kabla ya kuanza kughani. Isiporidhia, ubeti husomwa hivyohivyo, na kila mtoto humkumbuka anayemjua.