Mzigo Ulio Njiani

Mifuko 100 ya saruji ikitoka ghala la Dar es Salaam kwenda tawi la Mbeya, daftari halipaswi kuipunguza Dar na kuiongeza Mbeya papo hapo. Likifanya hivyo, Mbeya inaweza kuuza saruji ambayo bado iko barabarani. Hufunguliwa ghala la tatu, la kwenye hesabu tu, liitwalo “Njiani”. Lori likipakiwa, mifuko 100 huhamia humo. Mbeya huingiza ile tu iliyoihesabu wakati wa kushusha. Ikihesabu 97, mitatu hubaki Njiani mpaka ipatiwe maelezo. Kosa baya zaidi ni mpokeaji kunakili 100 kutoka kwenye hati ya mzigo: upungufu huonekana miezi baadaye, na hakuna awezaye kusema ulitokea wapi.