Mfululizo wa Mercator Unapokoma

Mwaka 1668, Nicholas Mercator, mwanahisabati mzaliwa wa Holstein aliyefanya kazi London, alichapisha njia ya kupata logi asilia kwa kujumlisha na kutoa vipande vya mfululizo:

ln(1 + x) = x − x²/2 + x³/3 − x⁴/4 + …

Anayetaka ln 3 atashawishika kuweka x = 2. Matokeo yake yanashangaza: jumla zinakuwa 2, kisha 0, kisha 2.67, −1.33, 5.07, −5.6. Zinayumba huku na huku, na kila mara zinazidi kwenda mbali, ilhali jibu sahihi ni 1.0986. Hesabu haikukosewa popote. Mfululizo umevushwa mpaka wake.

Mpaka huo hupatikana kwa kipimo alichokieleza Mfaransa d'Alembert mwaka 1768. Kila kipande kinagawanywa kwa kile kilichokitangulia, alama za kutoa zikiwekwa kando. Hapa kipande cha n ni xⁿ/n, na kinachofuata ni xⁿ⁺¹/(n + 1). Uwiano wao ni |x| · n/(n + 1). Sasa n inaachwa ikue: 10/11 ni 0.909, 100/101 ni 0.990, na sehemu hiyo inazidi kuisogelea 1. Kikomo cha uwiano, basi, ni |x|.

Kikomo kikiwa chini ya 1, tuseme 0.6, huko mbele kila kipande hakitafikia hata 0.7 ya kilichotangulia. Vipande vinavyopungua hivyo haviwezi kurundikana bila kikomo, kwa hiyo jumla inatulia. Kikizidi 1, vipande vinakua na jumla haiwezi kutulia. Mfululizo wa Mercator unatulia |x| ikiwa chini ya 1, na hiyo 1 ndiyo nusukipenyo chake.

Pale penye 1 kamili kipimo hakisemi lolote, na hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Kila ncha lazima ichunguzwe peke yake. Kwa x = 1 vipande vinapishana alama huku vikipungua kuelekea sifuri, na jumla inatulia kwenye ln 2, yaani 0.6931, ingawa kwa mwendo wa kuchosha: vipande kumi vinafikia 0.6456 tu. Kwa x = −1 hali ni nyingine kabisa. Kinachobaki ni 1 + 1/2 + 1/3 + 1/4 + … yenye alama ya kutoa. Nicole Oresme alionyesha katika karne ya 14 kwamba jumla hiyo haina mwisho, kwani 1/3 + 1/4 inazidi nusu, vipande vinne vinavyofuata vinazidi nusu nyingine, halafu vinane, na kuendelea.

Je, ln 3 ndiyo imepotea? La. Ni sawa na −ln(1/3), na 1/3 ni 1 + x pale x ikiwa −2/3, ndani ya mpaka. Vipande kumi vinatoa 1.096.